Zungusha picha kwanza, ndipo usome namba

Picha ya lebo au karatasi yenye maandishi ikiwa kichwa chini, izungushe nyuzi 180 kabla ya kunakili chochote. Usiisome kwa kupinda shingo, maana maneno utayang'amua lakini namba zitakuponyoka. Lebo yenye 1689 ikipinduliwa husomeka 6891, na hakuna kitu kinachokushtua. Mwelekeo uamuliwe na neno lililo jirani, au na tarakimu 4, ambayo ikipinduka hujulikana mara moja. Na ni kuzungusha, si kugeuza kama kwenye kioo!

Picha iliyopigwa kwa mshazari, vuta pembe nne za karatasi iliyo pichani hadi iwe mstatili. Upande wa mbali herufi hubanana: 11 huonekana kama 1 nene. Kuvuta hakurudishi kilichokwisha fifia, hapo mimi huandika [?].