Viza ya Innovator Founder ya Uingereza: jinsi ya kuomba ukiwa Tabora

Nchi kadhaa zina viza ya waanzilishi wa biashara, na masharti hayafanani. Hapa naieleza ya Uingereza peke yake, inayoitwa Innovator Founder. Ilianza Aprili 2023 na kuchukua nafasi ya viza mbili za zamani. Ile ya Start-up, ambayo wahitimu wengi bado wanaiulizia, haipokei tena waombaji wapya. Ukikutana na mtu anayekuuzia fomu ya Start-up, muage kwa heshima.

Jambo la kwanza kulielewa ni kwamba ubalozi haulipimi wazo lako. Linapimwa na chombo cha kuidhinisha, yaani kampuni iliyopewa kazi hiyo na serikali ya Uingereza. Orodha yake iko GOV.UK, tovuti ya serikali ya Uingereza, na mwaka 2025 ilikuwa na majina kama Envestors, UK Endorsing Services na Innovator International. Ukipata barua ya idhini ndipo unaomba viza, na lazima uombe ndani ya miezi mitatu tangu tarehe ya barua. Miezi hiyo mitatu ndiyo inayopanga kila kitu kingine, nitairudia.

Hatua ya kwanza: wazo

Chombo kinauliza mambo matatu: je, biashara ni ya ubunifu, inatekelezeka, na inaweza kukua hadi soko la taifa na nje. Wengi huanguka kwenye lile la kwanza. Sharti la zamani la kuwa na pauni 50,000 mkononi liliondolewa, hivyo watu wakadhani mlango umekuwa mwepesi. Ukweli ni kwamba uzito wote umehamia kwenye wazo.

Tuchukue mfano wa binti wa Sikonge aliyemaliza shahada na kufanya kazi na vikundi vya wafugaji nyuki. Andiko lake la kwanza linasema: nitaingiza asali ya miombo ya Tabora niiuze London. Hilo litakataliwa hata kama asali ni nzuri kiasi gani. Kuingiza asali ni biashara ya kawaida, na mwenye mtaji zaidi ataiiga kesho asubuhi.

Sasa alitazame soko lenyewe. Mwaka 2023 Umoja wa Ulaya ulitoa matokeo ya uchunguzi wa asali iliyoingizwa kutoka nje: kati ya sampuli 320, asilimia 46 zilishukiwa kuchanganywa na sharubati ya sukari, na sampuli zote 10 zilizopitia Uingereza zilishukiwa. Kipimo cha kawaida cha maabara hukamata sukari ya miwa na mahindi kwa urahisi, lakini sharubati ya mchele au ya kiazisukari hupenya. Hapo ndipo penye tatizo ambalo wafungashaji wa asali wa Uingereza wangelilipia kulitatua.

Andiko la pili basi linahama kutoka kuuza asali kwenda kuuza ushahidi. Kila ndoo inapofika kituo cha kukusanyia inapimwa unyevu kwa refraktomita (asali inayozidi asilimia 20 haikidhi kiwango cha kawaida cha Uingereza), inachukuliwa sampuli ya chavua, na inabandikwa lebo ya QR yenye jina la kikundi na tarehe ya kurina. Chavua inalinganishwa na maktaba ya chavua za miti ya miombo aliyoikusanya mwenyewe, msimu kwa msimu. Mteja ni mfungashaji wa Uingereza, anayelipa kwa kila shehena inayothibitishwa. Ubunifu uko kwenye ile maktaba, kwa sababu mtu wa Manchester hawezi kuijenga bila kukaa msituni. Kukua nako kuna sababu: kuanzia Juni 2026 sheria mpya ya Umoja wa Ulaya inataka lebo ya asali iliyochanganywa itaje nchi ilikotoka na asilimia zake, kwa hiyo soko la pili liko ng'ambo ya mlango wa bahari.

Wazo lazima liwe lako, au uwe umelichangia kwa kiasi kikubwa, na wewe ndiye uendeshe kazi ya kila siku. Huwezi kujiunga na kampuni ambayo tayari inafanya biashara. Andiko la kununua kwa dalali huonekana kwenye mahojiano, mwombaji anapoulizwa bei ya kipimo kimoja na kuanza kutafuta kwenye karatasi.

Hatua ya pili: hesabu, ambayo mwekezaji ataiuliza hivyo hivyo

Hapa sitapita haraka, maana ukurasa huu mmoja unatumika mara mbili, kwa chombo na kwa mwekezaji.

Tuseme anatoza pauni 180 kwa shehena. Maabara inachukua 95 na usafirishaji wa sampuli 15, anabaki na 70. Gharama za kila mwezi, pamoja na posho yake ya kuishi katika mji usio London, ni 3,500. Gawanya kwa 70: anahitaji shehena 50 kwa mwezi ili asipate hasara. Kama mfungashaji mmoja anatuma shehena mbili kwa mwezi, hao ni wateja 25. Swali litakalofuata ni moja tu: wateja 25 gani? Asiposhuka hadi kwenye majina, hesabu yote ni ndoto. Barua fupi kutoka kwa wafungashaji watatu wanaosema wako tayari kujaribu kwa bei hiyo zina nguvu kuliko kurasa ishirini za takwimu za soko la dunia.

Akifika shehena 50 baada ya miezi 14, akipanda kidogo kidogo, upungufu wa njiani ni kama nusu ya 3,500 mara 14, yaani 24,500. Ongeza vifaa vya 15,000, inakaribia pauni 40,000. Hicho ndicho kiasi cha kuomba, na kila pauni ina mahali pake. Anayeomba 200,000 kwa sababu tu namba ni ya mviringo hupoteza mazungumzo dakika ya tano.

Mwekezaji si sharti la viza, ila lazima uonyeshe fedha ya kuendeshea itatoka wapi. Wawekezaji binafsi wa Uingereza wanaoweka fedha kwenye kampuni changa karibu wote watakuuliza kuhusu SEIS. Huo ni mpango wa serikali unaomrudishia mwekezaji nusu ya alichoweka kupitia kodi yake ya mapato. Aliyeweka 40,000 anaweza kupunguziwa kodi 20,000, mradi ana kodi ya kiasi hicho na ashike hisa miaka mitatu. Kampuni inaweza kupata hadi 250,000 kwa njia hii, ikiwa haijazidi miaka mitatu ya biashara, ina wafanyakazi chini ya 25, na ina makao ya kudumu ya kazi Uingereza. Hisa zinazotolewa ziwe za kawaida, zilipiwe fedha taslimu zote, zisiwe na upendeleo wa kulipwa kwanza. Kabla ya kutoa fedha, mwekezaji atataka kuona barua ya awali kutoka mamlaka ya kodi, HMRC, inayosema kampuni inaelekea kukidhi.

Kingine watakachouliza ni nani anamiliki ile maktaba ya chavua. Kama ilikusanywa chini ya mradi wa chuo au wa shirika lililokuajiri, pata maandishi ya kuikabidhi kwa kampuni kabla ya mazungumzo. Makubaliano ya mdomo na mzee wa mradi hayatoshi.

Hatua ya tatu: karatasi, kwa mpangilio

Usilipie tathmini ya chombo, ambayo ni pauni 1,000, kabla hujatayarisha mambo matatu. Ukianza nayo baada ya barua kutoka, miezi mitatu itaisha uko bado kwenye basi la Dar es Salaam.

La kwanza ni Kiingereza cha kiwango cha B2. Unafanya mtihani ulio kwenye orodha ya Uingereza, au unaomba UK ENIC, chombo cha Uingereza kinacholinganisha vyeti vya nje na vya kwao, wathibitishe kuwa shahada yako inalingana na ya kwao na ilifundishwa kwa Kiingereza. Jina kwenye cheti na kwenye pasipoti yawe sawa. Kama cheti kinasema Juma Ramadhani na pasipoti inasema Juma Ramadhan Juma, maliza hilo mapema.

La pili ni kipimo cha kifua kikuu, kinachodaiwa kwa waombaji kutoka Tanzania. Lazima kifanyike kwenye kliniki iliyoidhinishwa kwa ajili ya viza za Uingereza, hivyo picha ya kifua ya hospitali ya Kitete haitakusaidia. Cheti kinadumu miezi sita.

La tatu ni fedha ya kujikimu, pauni 1,270, karibu shilingi milioni nne. Ikae benki, kwa jina lako, siku 28 mfululizo bila kushuka chini ya kiwango hata siku moja. Ya kwenye simu ihamishie benki kwanza. Ya kwenye akaunti ya baba haihesabiki. Na ndugu akikuomba umkopeshe laki tano siku ya ishirini, ukimpa unaanza kuhesabu upya. Weka ziada kidogo, maana shilingi hubadilika thamani. Fedha hii ni mbali na mtaji.

Barua ikitoka, unajaza fomu mtandaoni GOV.UK, unalipa, kisha unapanga siku ya alama za vidole Dar es Salaam. Ada ya viza kwa anayeomba akiwa nje ilikuwa pauni 1,274 kuanzia Aprili 2025, na ada ya afya ni 1,035 kwa mwaka, hivyo miaka mitatu ni 3,105. Ukijumlisha na tathmini unakaribia 5,400, shilingi milioni kumi na saba hivi, kabla ya nauli. Angalia ada za siku unayoomba, huwa zinapanda. Majibu kwa kawaida hutoka ndani ya wiki tatu.

Baada ya kufika

Viza ni ya miaka mitatu. Chombo kitakuita kwa mikutano isiyopungua miwili, kwenye mwezi wa 12 na wa 24, kila mmoja pauni 500. Kikiona biashara imekufa au umeigeuza kuwa kitu kingine bila kukubaliana nacho, kinaweza kuondoa idhini, na viza ikafupishwa.

Mwisho wa miaka mitatu unaweza kuomba ukaazi wa kudumu, ukitimiza mawili kati ya vigezo saba. Baadhi ni mauzo ya pauni milioni moja kwa mwaka au ajira kumi za kudumu, ambavyo kwa biashara ya vipimo vya asali viko mbali. Vinavyofikika ni wateja walioongezeka angalau maradufu na kuzidi wastani wa biashara zinazofanana, pamoja na pauni 50,000 zilizowekezwa na kutumika kweli. Zile 40,000 za hesabu yetu hazifiki. Binti wa Sikonge afadhali apange tangu mwanzo awamu ya pili ya angalau 10,000, aiandike kwenye andiko kwa ajili ya soko la Ulaya, na atunze risiti za kila pauni iliyotoka.