Kufuta mtu kwenye picha nyingi kwa mpigo na Select Subject, na pale inapogoma

Tuseme una folda ya picha 200 za majengo na bustani, kila picha kuna mtu mmoja amesimama, na mteja anazitaka tupu bila mtu. Photoshop inaweza kumchagua na kumfuta yenyewe kwa picha zote, ila usikimbilie kufuta. Kwanza jua mashine imeshika nini. Select Subject haijui wewe unataka kuondoa nini, inachagua tu kile inachoona ndo kikuu kwenye picha. Mtu akiwa mbele na anaonekana wote, sawa. Akiwa mdogo kule nyuma na mbele kuna baiskeli, itachagua baiskeli na itafutwa hiyo.

Kwa hiyo tunarekodi Action mbili, yaani hatua ambazo Photoshop inazirudia yenyewe, moja ya kukagua na moja ya kufuta, na picha orijino hazibadilishwi.

Hatua ya 1: Action ya kukagua. Fungua picha moja, nenda Window > Actions, tengeneza mpya uiite "kagua" kisha anza kurekodi. Bonyeza Select > Subject, halafu Edit > Fill, kwenye Contents weka Color na uchague nyekundu kali, Opacity 60 ili bado uone kilicho chini. Fanya Save As kwa JPEG, funga picha, simamisha kurekodi.

Hatua ya 2: ipitishe kwenye folda nzima. File > Automate > Batch, chagua Action yako, folda ya kutoka na folda mpya ya kwenda, na uweke tiki kwenye Override Action "Save As" Commands, usipoweka zitaenda kule ulikohifadhi wakati unarekodi. Kwenye Errors chagua Log Errors to File, maana ukiacha Stop for Errors picha moja ikigoma kazi yote inasimama na wewe umeshaenda kula.

Hatua ya 3: pitisha macho. Hapa usiwe na haraka, ndo sehemu inayookoa kazi. Fungua folda ya nyekundu kwa vijipicha vikubwa, utaona chapchap. Mtu mzima mwekundu, hiyo nzuri. Picha nzima nyekundu, maana yake hakuna kilichochaguliwa kwa hiyo Fill imejaza kote. Mtu mwekundu pamoja na benchi alilokalia, benchi nalo litaenda. Mkono au begi limebaki na rangi yake, litabaki linaelea hewani baada ya kufuta. Hizo zote mbovu, chukua orijino zake uziweke folda ya "mkono" utazifanya moja moja na Lasso.

Hatua ya 4: Action ya kufuta. Rekodi nyingine: Select > Subject, halafu Select > Modify > Expand, kisha Edit > Fill, Contents iwe Content-Aware, mwisho Deselect na Save As, kisha ipitishe kwa Batch kama hatua ya 2 kwenye orijino zilizobaki. Expand ndo watu wengi wanairuka. Ukiwa unakata mtu umuweke kwenye bekigraundi nyingine unataka kingo ibane kabisa, lakini ukiwa unamfuta ni kinyume, kingo ikibana inabaki mistari myembamba ya nywele na nguo inayozunguka pale alipokuwa, na Content-Aware inaiokota hiyo rangi na kuisambaza ndani. Kwa picha ya upana wa pikseli 6000 anza na 15, kama bado unaona mstari panda hadi 25. Ndo maana pia kwa kazi hii sihangaiki na ile ya Cloud kwenye mipangilio ya Select Subject, ya Device inatosha na ni ya haraka, nywele moja moja za nini kama unazifuta?

Sasa pale inapofeli hata kama uchaguzi ulikuwa mzuri. Ya kwanza ni kivuli. Mashine imemshika mtu lakini kivuli chake chini hakijashikwa, matokeo yake kivuli kimelala kwenye nyasi bila mwenyewe, vilevile taswira yake kwenye kioo au maji. Jua likiwa kali weka picha hizo zote kwenye folda ya mkono tangu mwanzo, ongeza kivuli kwenye uchaguzi mwenyewe.

Ya pili ni kilicho nyuma yake. Content-Aware inajaza kwa kuokota vipande vya picha hiyohiyo, kwa hiyo nyasi, mchanga, anga, ukuta wa rangi moja, inafanya vizuri sana. Uzio wa nondo, vigae au madirisha, mistari inakatika au inapinda, na akiwepo mtu mwingine jirani unaweza kukuta kipande cha bega lake kimepandwa pale. Kwa hizo tumia Edit > Content-Aware Fill, ile yenye dirisha lake, ufute kwa brashi sehemu usizotaka iokote. Na mtu akiwa amejaza nusu ya picha, usipoteze muda, hakuna cha kuokota, omba picha nyingine ya pale pale bila yeye uizibie hapo.