Somo: Kukata mahojiano kwa kufuta maneno, kwa mfano wa mvuvi wa Kibirizi

Wiki iliyopita nilikaa na mzee mmoja mvuvi wa dagaa pale mwalo wa Kibirizi, hapa Kigoma. Nilirekodi dakika 22, nazihitaji nne tu. Nimezikata kwa kufuta maandishi: programu inasikiliza sauti, inaandika kila neno na kukumbuka lilisemwa sekunde gani. Ukifuta neno kwenye maandishi, picha na sauti yake vinaondoka pamoja.

Natumia Kdenlive, programu ya kuhariri video, kwa sababu ni ya bure na inakubali Whisper, mashine ya kugeuza sauti kuwa maandishi ambayo inajua Kiswahili. Fungua mipangilio, sehemu ya Speech to Text, chagua Whisper na upakue modeli. Modeli ya small ina kama MB 480, medium ni kama GB 1.5. Kwa Kiswahili chetu small inakosea mno, jipange kwa bando la medium. Kompyuta yangu haina kadi ya grafiki, kwa hiyo zile dakika 22 zilikula zaidi ya saa nzima. Niliiacha nikaenda kula ugali.

Kabla ya kubonyeza Start Recognition ndani ya Speech Editor, chagua lugha mwenyewe. Ukiiachia mashine, inabahatisha kwa kusikiliza sekunde 30 za mwanzo, na mzee wangu alianza kwa salamu za Kiha huku injini ya boti ikinguruma nyuma yake.

Maandishi yakishatoka, usifute kitu bado. Vaa spika za masikioni, sikiliza yote mara moja huku ukisoma. Hapa ndipo wengi wanaruka, na hapa ndipo penye kazi. Mzee alisema hivi:

"Mbalamwezi ikiwaka hatuingii ziwani, yaani, yaani hatuingii kabisa, maana taa hazivuti dagaa."

Mashine ikaandika:

"Mbala mwezi ikiwaka hatuingii ziwani maana taa hazivuti daga."

Makosa ya herufi hayanisumbui, sauti iko palepale. Tatizo ni kile kilichomezwa. Whisper ina tabia ya kuruka "yaani", "eee" na maneno yanayorudiwa, na huwezi kufuta kisichoandikwa. Nilipobakiza sentensi hiyo nikidhani ni safi, "yaani, yaani" ilikuja nayo. Kinyume chake pia hutokea: mahali palipokuwa na upepo mtupu iliandika sentensi nzima ambayo hakuna aliyeisema. Na alipochanganya Kiha, ilitoa Kiswahili cha ajabu.

Sasa futa, ukianza na vipande vikubwa. Niliondoa majibu mazima kwanza: bei ya nyavu, ugomvi wa zamu, simu iliyolia. Zikabaki dakika saba. Ndipo nikaingia kwenye sentensi, na baada ya hapo nikapeleka yaliyobaki kwenye taimlaini.

Kwenye taimlaini maandishi hayakusaidii tena. Muda wa kila neno ni makadirio, unaweza kupishana na sauti halisi kwa sehemu ya kumi ya sekunde au zaidi. Kwa video ya fremu 25 kwa sekunde, hizo ni fremu mbili au tatu, zinatosha kumla mtu silabi. Kuza mawimbi ya sauti, vuta ukingo wa kila kiungo hadi neno liishe, kisha unganisha kwa mfifio mfupi wa fremu mbili.

Maswali ya wanakikundi

Kasulu: Shikamoo mwalimu. Nikifuta neno, faili nililorekodi linaharibika?

Marahaba. Haliguswi kabisa. Programu inaandika tu orodha ya wapi pa kuchezesha na wapi pa kuruka. Ila usilihamishe faili kwenda folda nyingine, itakupotea.

Ujiji: Kichwa cha ninayemhoji kinaruka kila nilipofuta neno. Nifanyeje?

Ndivyo inavyokuwa kwa kamera moja. Ziba kiungo kwa picha nyingine: mikono inashona wavu, dagaa juani. Mimi nilichukua dakika kumi za hizo kabla ya kuondoka mwaloni, na zote zimeisha. Pasipo na picha ya kuziba, afadhali umwache aseme "yaani" yake.

Buhigwe: Kuna kitufe cha kuondoa ukimya wote kwa mkupuo. Kinafaa?

Nilikijaribu, nikaurudisha ukimya. Nilimuuliza mzee kuhusu usiku wa dhoruba, akanyamaza sekunde nne akitazama maji, ndipo akasema "tulirudi wawili". Kwenye maandishi zile sekunde nne ziliandikwa No speech tu. Zilipoondoka, alisikika kama anayejibu bei ya dagaa.

Kibondo: Na kama nimefuta neno moja tu katikati, maana ikageuka?

Ukitoa "mbalamwezi ikiwaka" kwenye sentensi ile ya juu, inabaki "hatuingii ziwani", na mzee ameonekana kaacha uvuvi. Kwenye karatasi inasomeka vizuri tu. Kwa hiyo nikimaliza, nafunga maandishi na kumsikiliza mtu mwenyewe, kisha nasikiliza rekodi ya asili ya jibu hilohilo.