Somo: Hiyo ni maili ipi? Kubadili maili kuwa kilomita bila kupotea

Wengi hawakosei kuzidisha, wanakosea maili. Maili ya nchi kavu ina kilomita 1.609, ya baharini ina kilomita 1.852, na midomoni zote huitwa "maili" tu.

Hatua ya kwanza: tafuta alama kabla ya kushika kikokotoo. `mi` ni ya nchi kavu, `NM` au `nmi` ni ya baharini. Pasipo na alama, angalia mwendo ulioandikwa jirani. `mph` ni maili za nchi kavu kwa saa. `kt` au `kn` ni noti, na noti moja ni maili moja ya baharini kwa saa. Ramani ya barabara haina shida, kipimo chake kimechorwa pembeni.

Hatua ya pili: zidisha. Kwa kichwa, maili za nchi kavu zidisha kwa 8, gawanya kwa 5. Za baharini, ziongeze maradufu, kisha toa asilimia 15 ya namba uliyoanza nayo.

Hatua ya tatu, ambayo wengi huiruka: hakiki kwa saa. Tuseme ratiba ya meli inasema umbali ni 540, mwendo `18 kn`. Maradufu ni 1,080, toa 81, unabaki na kilomita 999 (kikokotoo kitakupa 1,000). Noti 18 ni kilomita 33.3 kwa saa, kwa hiyo safari ni saa 30. Sasa rudi kwenye ratiba: 540 kwa 18 ni 30 vilevile. Majibu yakilingana, uko salama. Aliyezichukua zile 540 kuwa maili za nchi kavu atapata kilomita 869 na saa 26, na atafika bandarini kupokea mzigo saa nne kabla ya meli.

Maswali ya wanachama

*Kwa nini mabaharia wasitumie kilomita tu, yaishe?*

Kwa sababu maili yao imo ndani ya ramani. Ilitokana na dakika moja ya latitudo, yaani sehemu moja ya sitini ya digrii, ingawa tangu 1929 imewekwa kuwa mita 1,852 kamili. Unapanua bikari kati ya vituo viwili, unaipeleka kwenye ukingo wa kushoto au kulia, unahesabu dakika: ndizo maili. Pima usawa uleule wa njia yako, maana ramani nyingi za bahari hutanuka kuelekea ncha za dunia. Ukingo wa juu na wa chini usiuguse. Hizo ni longitudo, na dakika yake husinyaa kadiri unavyoiacha ikweta.

*Skrini ya kufuatilia ndege imeandika `460 kt`. Ni kilomita ngapi?*

920 toa 69, kama 851 kwa saa. Ikiwa pameandikwa `GS`, huo ni mwendo juu ya ardhi, upepo umo ndani tayari. Usiuongeze tena.