Mizani ya kupima mafuta: ipande lini, na maji yanavyoibabaisha

Mizani hii haioni mafuta. Zile sahani nne za chuma hupitisha umeme mdogo usiohisika kutoka mguu mmoja hadi wa pili, kisha hupima ukinzani. Maji ya mwilini, kwa kuwa yana chumvi, hupitisha umeme vizuri. Mafuta hayapitishi vizuri. Kwa ukinzani huo, pamoja na kimo, umri na jinsia ulivyoingiza, mizani hukisia una maji kiasi gani. Halafu huchukulia kwamba mwili ukiondoa mafuta ni maji asilimia 73. Uzito unaobaki ndio huuita mafuta.

Tuchukue mtu wa kilo 70 aliyekisiwa lita 40 za maji. Gawanya 40 kwa 0.73, upate kilo 54.8 zisizo mafuta. Mafuta yake ni kilo 15.2, yaani asilimia 21.7.

Sasa joto la kaskazi limemtoa jasho lita moja, hajanywa kitu, na mwili umeshapoa. Ana kilo 69 na maji lita 39. Hesabu ileile inampa mafuta kilo 15.6, asilimia 22.6. Katoka maji matupu, kaambiwa kanenepa!

Na akiwa bado na kilo zake 70, kabla ya jasho, akanywa lita moja na kupanda pale pale? Maji yangali tumboni, na umeme wa miguuni haupiti huko kwa kiasi cha maana. Ukinzani ni uleule, uzito umekuwa 71, kwa hiyo lita nzima imehesabiwa mafuta: asilimia 22.8. Kunywa ili kuirekebisha mizani basi ni kazi bure.

Fanya hivi:

1. Pima asubuhi ukitoka msalani, kabla ya chai na kabla ya kuoga.
2. Weka mizani kwenye sakafu ngumu, si juu ya mkeka.
3. Panda miguu mitupu, mikavu, isiyo na mafuta ya kujipaka. Magaga mazito nayo huongeza ukinzani.
4. Linganisha wastani wa wiki na wa wiki nyingine. Namba ya siku moja usiijali.

Swali kutoka Kisauni: Mama yangu ana kifaa cha mapigo ya moyo kifuani. Apande?

Asipande, dada. Mtafutieni mizani ya uzito pekee.

Swali kutoka Likoni: Ramadhani nipime saa ngapi?

Kabla ya daku, mradi umelala saa kadhaa bila kunywa. Kabla ya kufuturu umekauka, na baada yake tumbo limejaa. Usilinganishe na namba za Shaabani.

Swali kutoka Tudor: Kaka, nikitoka kukimbia Mama Ngina mafuta hushuka. Mbona wewe wasema hupanda?

Hapo ngozi ina moto, damu imesogea karibu nayo na nyayo zina jasho. Hayo hushusha ukinzani, mizani ikadhani una maji mengi. Subiri upoe bila kunywa, upande tena, utaiona ikipanda.