Betri ya simu ikivimba, usiibonyeze

Ukiona kioo cha simu kimeanza kuachana na fremu upande mmoja, usikimbilie kununua gundi. Simu yangu ilifanya hivyo, nami nikaibana kwa raba siku 2 nikidhani gundi imechoka. Kumbe ni betri iliyokuwa inakisukuma kioo kutoka ndani. Kwa simu za betri ya kutoa ni rahisi zaidi: ilaze betri mezani, uizungushe kwa kidole. Ikizunguka kama pia, tumbo limeshatoka.

Kinachoijaza ni gesi. Kemikali za ndani huharibika kwa uzee, joto au chaji mbovu, na gesi hiyo inashika moto. Ndani kuna tabaka 2 zinazotenganishwa na utando mwembamba sana. Ukiubonyeza au kuutoboa utando huo, tabaka zinagusana, betri inapiga shoti na inaweza kulipuka moto hapo hapo. Kwa hiyo ule ushauri wa vijiweni wa kuitoboa kwa sindano ili "itoe hewa" ni hatari kabisa.

Zima simu, chomoa chaja, wala usiichaji tena hata kwa dakika 5 za kuhamisha picha. Iweke juu ya sakafu ya saruji au kigae, mbali na godoro na mapazia, kisha ipeleke kwa fundi abadilishe betri. Ile ya zamani mwachie yeye aipeleke kwa wanaokusanya taka za kielektroniki; isiende jalalani, na isichomwe na takataka za nyumbani.