Kagua bei ya opsheni kabla hujaiamini

Tuseme hisa ni 100, bei ya kutekeleza 100, na kila hatua hisa inapanda au kushuka 10%, riba 2% kwa hatua. Uzito wa kupanda ni (1.02 − 0.9)/(1.1 − 0.9) = 0.6. Baada ya hatua mbili hisa ni 121, 99 au 81, kwa hiyo opsheni ya Kiulaya ya kununua, yaani haki ya kununua hisa kwa 100 mwishoni tu, inalipa 21 kwenye tawi la juu tu: 0.36 × 21/1.0404 = 7.266.

Sasa piga hesabu ya opsheni ya kuuza kwa mti uleule wa bei za hisa: 3.383. Tofauti yao, 3.883, lazima ilingane na 100 − 100/1.0404. Ukipata 4.114, umesahau kwamba 99 inafikiwa kwa njia mbili. Ila ukikosea ile 10% yenyewe, hesabu italingana vilevile. Kosa hilo ukaguzi huu haulioni.